Tarakimu ngapi ziandikwe? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu bureti, ukolezo na pH katika ripoti ya maabara

Maswali haya nimeyakusanya katika miaka ya kusahihisha ripoti za wanafunzi wa kemia wa mwaka wa kwanza. Karibu yote huzuka kwenye jaribio moja, la kupima asidi ya ethanoiki iliyomo kwenye siki ya dukani, kwa hiyo nitafuata jaribio hilo hilo mwanzo hadi mwisho.

Linafanyika hivi. Unachukua 25.00 cm³ za siki kwa pipeti, unazitia kwenye chupa ya ujazo ya 250 cm³, unajaza maji yaliyokenekwa hadi kwenye alama, na unatikisa vizuri. Kutoka humo unachukua 25.00 cm³ za siki iliyozimuliwa, unaongeza matone mawili matatu ya fenolifthaleini, na unatitrisha kwa NaOH ya 0.1023 mol/dm³ mpaka waridi hafifu ibaki bila kutoweka. Mwisho unapima pH ya siki ile iliyozimuliwa kwa kipima-pH. Siki yenyewe, kwa mujibu wa lebo, ina asidi asilimia 5.

Nafasi za desimali na tarakimu za maana: tofauti ni ipi?

Nafasi za desimali ni tarakimu zote zilizo baada ya nukta. Tarakimu za maana huhesabiwa kuanzia tarakimu ya kwanza isiyo sifuri. Kwa hiyo 20.35 ina desimali mbili na tarakimu nne za maana, na 0.0833 ina desimali nne lakini tarakimu tatu tu za maana. Sifuri za mbele zinashika nafasi tu. Sifuri za mwisho baada ya nukta zinahesabiwa, kwa sababu hakuna aliyekulazimisha kuziandika. Ukiandika 20.40 unamwambia msomaji kwamba uliitazama nafasi ile ya pili baada ya nukta na ukaikuta sifuri.

Ukitaka kuona kwa nini tunahitaji hesabu zote mbili, badilisha vizio. 20.35 cm³ ni 0.02035 dm³. Desimali zimetoka mbili zikawa tano, ilhali bureti ni ile ile na jicho ni lile lile. Tarakimu za maana zimebaki nne. Ndiyo maana katika kujumlisha na kutoa, ambako vizio havibadiliki, tunaangalia desimali, na katika kuzidisha na kugawanya tunaangalia tarakimu za maana.

Bureti isomwe hadi desimali ngapi?

Mbili. Bureti ya kawaida ya 50 cm³ ina mistari kila baada ya 0.1 cm³. Tarakimu ya kwanza baada ya nukta unaisoma kwenye mstari wenyewe, na ya pili unaikisia kwa kuangalia sehemu ya chini ya meniski iko wapi kati ya mstari na mstari. Hiyo ya pili ni makisio, lakini ni makisio yenye msingi, na ndiyo tarakimu ya mwisho unayoruhusiwa kuandika.

Shuleni tumefundishwa kwamba desimali ya pili iwe 0 au 5. Kama meniski imegusa mstari, andika 0, na kama iko kati ya mistari miwili, andika 5. Katika usahihishaji wa KCSE kule Kenya hili lina alama yake kwenye jedwali: unaweza kutumia desimali moja au mbili, ila uwe na msimamo mmoja katika jedwali zima, na ukichagua mbili, ya mwisho iwe 0 au 5. Kanuni hii ina mantiki nzuri. Tone moja linalodondoka kwenye ncha ya bureti lina ujazo wa karibu 0.05 cm³, yaani matone kama ishirini hufanya 1 cm³. Kwa mtu anayemaliza titresheni kwa tone zima, kudai 20.37 kwenye usomaji mmoja ni kudai kitu ambacho mkono wake haukuweza kukifanya. Chuoni, ukiwa umejifunza kukata nusu tone kwa kugusisha ncha ya bureti kwenye ukuta wa chupa ya koni na kulisuuza kwa maji, unaweza kusoma hadi 0.02 au hata 0.01. Soma kama mwongozo wa maabara yako unavyosema, mradi usichanganye mitindo miwili ndani ya jedwali moja.

Kuna kosa linaloharibu tarakimu zote kwa pamoja. Namba za bureti zinaongezeka kwenda chini, kwa sababu 0 iko juu. Mwanafunzi aliyezoea silinda ya kupimia, ambayo namba zake hupanda kwenda juu, hutazama meniski iliyo kati ya 20 na 21, akahesabu kutoka 21 kupanda, na 20.65 ikaandikwa 21.35. Dalili yake ni rahisi kuiona: ujazo mmoja unakataa kukaribiana na wenzake, na pengo si la tone moja au mawili bali ni la sehemu kubwa ya 1 cm³. Ukiona hivyo, kabla ya kulaumu kiashiria, rudi uangalie ulisoma kutoka upande gani.

Nilianza kwenye alama ya sifuri. Niandike 0 au 0.00?

Andika 0.00. Ulisoma sifuri kwa uangalifu ule ule utakaosoma nao 20.45. Ukiandika 0 peke yake, msomaji hana njia ya kujua kama ulitazama kweli au ulijaza ukaendelea na kazi. Tena hulazimiki kuanzia kwenye sifuri. Kuanzia 0.10 au 1.20 ni sawa kabisa, na mara nyingi ni bora kuliko kuhangaika na matone ili ufike kwenye 0.00 na kuishia kuandika sifuri usiyo na hakika nayo.

Nikitoa usomaji wa mwanzo kutoka wa mwisho, nibakishe tarakimu ngapi?

Bakisha desimali mbili, kama zilivyo kwenye usomaji wenyewe. Hili hapa jedwali tutakalolitumia. Jaribio la kukisia limewekwa pembeni kwa sababu halimo kwenye wastani.

| | Kukisia | 1 | 2 | 3 |
|---|---|---|---|---|
| Usomaji wa mwisho (cm³) | 20.75 | 20.45 | 40.85 | 21.55 |
| Usomaji wa mwanzo (cm³) | 0.00 | 0.10 | 20.45 | 1.20 |
| Ujazo uliotumika (cm³) | 20.75 | 20.35 | 20.40 | 20.35 |

Angalia kwamba kila kisanduku kina desimali mbili, hata pale panapoishia na sifuri. Hapa tarakimu za maana hazitusaidii. 0.10 ina mbili na 20.45 ina nne, lakini jibu 20.35 lina nne bila tatizo lolote, kwa sababu katika kutoa kinachohesabiwa ni nafasi ya mwisho baada ya nukta.

Kutoa kunaweza pia kukupokonya tarakimu. Tuseme NaOH yako ni kali mno na umetumia kutoka 24.10 hadi 25.30 tu. Jibu ni 1.20, tarakimu tatu, ingawa ulianza na namba mbili zenye tarakimu nne kila moja. Kila usomaji una shaka ya karibu 0.05, na ulisoma mara mbili. Kwenye 20.35 shaka hiyo ni ndogo, lakini kwenye 1.20 inameza asilimia kadhaa ya jibu. Tiba yake haipatikani kwenye kikokotoo. Zimua NaOH ili ujazo utakaotumika ufike kati ya 20 na 25 cm³. Ndiyo sababu siki tunaizimua mara kumi kabla ya kuanza: bila hivyo tungehitaji zaidi ya 200 cm³ za NaOH kwa kila titresheni.

Wastani wangu umetoka 20.36666667. Niandike nini, na je, lazima uishie na 0 au 5?

Andika 20.37 cm³. Kanuni ya 0 au 5 inahusu kile jicho lilichosoma kwenye kioo, na wastani haukusomwa popote, umekokotolewa. Wanafunzi wengi huulazimisha uwe 20.35 ili ufanane na wenzake, na hapo wanatupa taarifa waliyoipata kwa kazi ya mikono yao. Upande wa pili, 20.3667 inadai kwamba bureti yenye mistari ya 0.1 imeona sehemu moja ya elfu kumi ya sentimita ya ujazo. Haijaiona.

Ila ndani ya kikokotoo acha 20.36666667 kama ilivyo. Kinachofupishwa ni kile unachokiandika kwenye ripoti, na namba inayoendelea na safari ya hesabu hubaki nzima.

Ukolezo niuandike kwa tarakimu ngapi?

Twende hatua kwa hatua. Asidi ya ethanoiki na NaOH hukutana moja kwa moja:

```
CH3COOH + NaOH → CH3COONa + H2O
```

Moli za NaOH ni 0.1023 × 20.36667 ÷ 1000 = 0.00208351. Moli za asidi ni hizo hizo. Tukigawanya kwa 0.02500 dm³ tunapata ukolezo wa siki iliyozimuliwa, 0.0833404 mol/dm³. Tukizidisha kwa 250.0 na kugawanya kwa 25.00 tunapata siki ya dukani, 0.833404 mol/dm³.

Sasa tazama malighafi. 0.1023 ina tarakimu nne, 20.37 ina nne, 25.00 ina nne, 250.0 ina nne. Kanuni ya kuzidisha na kugawanya inasema jibu lifuate namba yenye tarakimu chache zaidi, na hapa zote zina nne. Jibu ni 0.8334 mol/dm³. Zile 1000 za kubadilisha vizio na uwiano wa 1:1 wa mlinganyo hazihesabiwi, kwa sababu ni kamili na hakuna aliyezipima. Lakini ile mara kumi ya kuzimua si kamili, ingawa inafanana nayo. Imetoka kwenye pipeti na chupa ya ujazo, na vyombo hivyo vina shaka zake. Nitairudia chini kidogo.

Kwanza tuone madhara ya kufupisha njiani, maana ndiyo kosa ninaloliona zaidi ya yote. Mwanafunzi anapata moli 0.00208351, anaandika 0.0021 kwa sababu "ni fupi", na anaendelea na hiyo. Ukolezo uliozimuliwa unakuwa 0.084, wa siki unakuwa 0.84, na gramu kwa desimita ya ujazo zinakuwa 50.4 badala ya 50.0. Ametoka nje kwa asilimia 0.8 bila kumwaga hata tone. Hata aliyefupisha wastani tu kuwa 20.37 kabla ya kuendelea atapata 0.8335 badala ya 0.8334. Huyu wa pili hajaharibu kitu, lakini sasa anabishana na mwenzake kuhusu tarakimu ya nne ambayo, kama tutakavyoona, hawakuwa nayo wote wawili.

Kwa hiyo zile tarakimu nne ni za kweli?

Mara nyingi hapana, na hili napenda lieleweke kuliko jingine lolote kwenye ukurasa huu. Kanuni ya kuhesabu tarakimu ni kipimo cha haraka. Inakuzuia kuandika 0.833404, lakini haijui vyombo vyako ni vya daraja gani.

Chukua bureti yako uisome maandishi yaliyo karibu na sehemu ya juu. Utakuta herufi A, AS au B, na mara nyingi alama ya ± yenye namba. Kwa bureti ya 50 cm³, daraja A linaruhusiwa kukosea hadi 0.05 cm³, na daraja B hadi 0.10. Kwa pipeti ya 25 cm³ ni 0.03 na 0.06. Kwa chupa ya ujazo ya 250 cm³ ni 0.15 na 0.30. Maabara nyingi za kufundishia hutumia daraja B kwa sababu ya bei.

Sasa tufanye hesabu ya daraja B. Bureti: 0.10 kati ya 20.37 ni karibu asilimia 0.5. Pipeti: 0.06 kati ya 25 ni asilimia 0.24, na tumeitumia mara mbili, mara moja kuzimua na mara moja kutitrisha. Chupa ya ujazo: 0.30 kati ya 250 ni asilimia 0.12. Asilimia hizi hazijumlishwi moja kwa moja, kwa sababu si rahisi makosa yote yaelekee upande mmoja. Kila moja inazidishwa kwa yenyewe, zinajumlishwa, halafu unatafuta kipeuo cha pili. Inatoka karibu asilimia 0.6. Asilimia 0.6 ya 0.8334 ni 0.005.

Yaani siki ya dukani ina 0.833 mol/dm³, na hata ile 3 ya mwisho inaweza kuwa 8 au ikashuka ikawa 0.828. Tarakimu ya nne haina chochote cha kutuambia. Kwa vyombo hivi mimi ningeandika 0.833 mol/dm³, na kama mwongozo unaruhusu, 0.833 ± 0.005. Na bado hapo sijahesabu shaka ya NaOH wala ya jicho lako.

Ukizidisha kwa 60.05, uzito wa moli moja ya asidi ya ethanoiki, unapata 50.0 g/dm³, sawa na gramu 5.00 katika kila 100 cm³. Usiziache zile sifuri. Lebo inasema 5, na kwa tarakimu moja ya maana hiyo inaweza kuwa chochote kati ya 4.5 na 5.5. Wewe umefanya kazi ya saa mbili na unaweza kusema 5.00, huku shaka ikiwa 0.03 tu. Sifuri mbili hizo ndizo matokeo ya jaribio lako.

Chupa ya NaOH imeandikwa 0.1 M tu. Jibu langu liwe na tarakimu moja?

Ukiifuata kanuni bila kufikiri, ndiyo, na siki yako itakuwa na 0.8 mol/dm³. Hilo halimfai yeyote. Kwenye mtihani wa shule namba hiyo huchukuliwa kuwa kamili, na tarakimu za jibu hutoka kwenye bureti na pipeti. Kwenye maabara ya chuo muulize fundi wa maabara: je, ni 0.100 au "karibu 0.1"? Andika kwenye ripoti alichokujibu.

Jibu bora ni kuupima ukolezo huo mwenyewe. NaOH hunyonya unyevu na kaboni dioksaidi ya hewani hata ukiwa bado unaipima kwenye mizani, kwa hiyo mizani ya desimali nne haikupi ukolezo wa tarakimu nne. Tunatumia potasiamu haidrojeni fthalati, chumvi iliyo safi na isiyonyonya unyevu hovyo. Ile 0.1023 ya hapo juu ilipatikana hivi: gramu 0.5108 za chumvi hiyo, gawanya kwa 204.22, unapata moli 0.0025012. Zilihitaji 24.45 cm³ za NaOH. Gawanya, na unapata 0.1023 mol/dm³. Kila namba hapo ina tarakimu nne au zaidi, na sasa unajua zilitoka wapi.

Kwa nini pH ina kanuni yake peke yake?

Kwa sababu pH ni logi. S. P. L. Sørensen alipoileta mwaka 1909 akiwa Copenhagen, alikuwa anatafuta namna fupi ya kuandika ukolezo wa ioni za haidrojeni, ambao hupanda na kushuka kwa makumi, mamia na maelfu. Logi hugawa namba sehemu mbili. Iliyo kabla ya nukta inasema tuko kwenye kipeo gani cha kumi, na iliyo baada ya nukta inabeba tarakimu zenyewe.

Tazama mifano hii mitatu:

```
[H+] = 1.2 × 10^-3    pH = 2.92
[H+] = 1.2 × 10^-5    pH = 4.92
[H+] = 1.2 × 10^-11   pH = 10.92
```

Ile 1.2 haikubadilika, na .92 nayo haikubadilika. Kilichobadilika ni kipeo, na kimejionyesha upande wa kushoto wa nukta. Kwa hiyo 2, 4 na 10 zinafanya kazi ile ile ya sifuri za mbele kwenye 0.0012: zinashika nafasi, hazipimi. Kanuni inatoka hapo yenyewe: idadi ya desimali kwenye pH iwe sawa na idadi ya tarakimu za maana kwenye ukolezo. Tarakimu mbili kwenye ukolezo, desimali mbili kwenye pH.

Anayetumia kanuni ya tarakimu za maana kwenye pH anaweza asigundue kosa lake kwa muda mrefu, kwa sababu kwenye asidi hupoteza desimali moja tu, kama 2.9 badala ya 2.92. Litajitokeza kwenye besi. Ukiwa na [H+] = 3.5 × 10⁻¹³, kikokotoo kinatoa 12.4559. Mwenye kufuata tarakimu mbili za maana ataandika pH 12, na 12 inaweza kuwa popote kati ya 11.5 na 12.5. Kutoka mwanzo hadi mwisho wa pengo hilo ukolezo hubadilika mara kumi. Jibu sahihi ni 12.46.

Kipima-pH changu kinaonyesha 2.923. Kwa nini mwalimu amekata ile 3?

Kwa sababu kioo cha kuonyeshea namba kinaweza kuwa na desimali nyingi kuliko elektrodi. Elektrodi ya kioo hupima volteji, na kwa nyuzi 25 za Selsiasi kila badiliko la pH 1 ni milivolti 59.16. Kwa hiyo 0.01 ya pH ni karibu milivolti 0.6, na 0.001 ni 0.06. Elektrodi iliyozeeka au isiyosuuzwa vizuri hutangatanga kwa milivolti moja nzima bila kukuambia. Isitoshe, kipima-pH hakijui pH peke yake, kinafundishwa na bufa. Bufa zenyewe zimeandikwa 4.01, 7.00 na 10.01, desimali mbili, na nyingi zina shaka ya 0.01 au 0.02. Mwanafunzi hawezi kujua zaidi ya alichofundishwa na mwalimu wake, na kipima-pH ni hivyo hivyo.

Tena siki yetu ina jambo lake. 2.92 iko chini ya 4.01, kwa hiyo ukikirekebisha kipima-pH kwa bufa za 7.00 na 4.01 pekee, unasoma nje ya eneo ulilokifundisha. Kama maabara ina bufa ya 1.68, itumie pamoja na 4.01 ili siki ikae katikati. Kama haina, andika 2.92 lakini itaje bufa ulizotumia. Taarifa hiyo ina thamani kuliko desimali ya tatu.

Nimetumia karatasi ya pH. Naweza kuandika 3.0?

Hapana. Karatasi ya kawaida ya rangi inakupa 3. Ile ya masafa mafupi inaweza kukupa nusu, kama 2.5 au 3.0, ikiwa chati yake imegawanywa hivyo.

Nikirudi kutoka pH kwenda kwenye ukolezo?

Kanuni inageuka. pH 2.92 ina desimali mbili, kwa hiyo [H+] ina tarakimu mbili. Kikokotoo kitasema 0.00120226, wewe andika 1.2 × 10⁻³ mol/dm³.

Usiiamini kwa sababu nimesema, ijaribu. Piga hesabu kwa 2.91 na unapata 1.23 × 10⁻³. Piga kwa 2.93 na unapata 1.17 × 10⁻³. Kutikisika kwa 0.01 tu kumebadilisha tarakimu ya tatu, na hata ya pili imeguswa. Kila 0.01 ya pH ni asilimia 2.3 ya ukolezo, na 0.02 ni karibu asilimia 5. Linganisha na titresheni yetu yenye asilimia 0.6, na utaona kwa nini hatupimi ukolezo wa siki kwa kipima-pH.

Hili linauma zaidi ukikokotoa Ka. Chukua [H+] = 1.202 × 10⁻³ na ukolezo wa siki iliyozimuliwa, 0.08334:

```
Ka = (0.001202)^2 / (0.08334 - 0.00120) = 1.76 × 10^-5
```

Ukolezo una tarakimu tatu nzuri, lakini [H+] ina mbili, tena imezidishwa kwa yenyewe, kwa hiyo shaka yake imekuwa mara mbili. pH ikiwa 2.90 Ka inakuwa 1.9 × 10⁻⁵, na ikiwa 2.94 inakuwa 1.6 × 10⁻⁵. Andika 1.8 × 10⁻⁵ na usisogee zaidi ya hapo. Ukiona thamani ya kitabuni ni 1.75 × 10⁻⁵ usishawishike kuandika 1.76 ili uonekane umekaribia. Umekaribia, lakini kwa tarakimu mbili.

Nimekokotoa pH ya HCl ya 0.1023 mol/dm³ nikapata 0.9901. Kipima-pH kinasema 1.1. Nani amekosea?

Hakuna aliyekosea hesabu. Tarakimu nne kwenye 0.1023 zinaruhusu desimali nne, kwa hiyo 0.9901 ni halali kama hesabu. Tatizo ni kwamba kipima-pH hakihesabu ioni, kinahisi utendaji wao, na kwenye ukolezo huu ioni hubanana na kufanya kazi kama vile ni pungufu kwa karibu asilimia 20. Hiyo inatosha kusogeza pH kwa 0.1. Andika namba zote mbili, ya kukokotoa na ya kupima, na uzitofautishe kwa maneno. Hapa desimali ya tatu na ya nne ni sahihi kikanuni lakini hazielezi kilichomo kwenye chupa, na mimi ningeandika ile ya kukokotoa kama 0.99.

Excel inafuta sifuri zangu: 20.40 inakuwa 20.4. Nifanyeje?

Badilisha mwonekano wa kisanduku uwe na desimali mbili, kwa umbo `0.00`. Hiyo inabadili kinachoonekana tu, na namba iliyo ndani inabaki nzima. Usitumie fomula ya kufupisha kwenye hatua za katikati, maana hiyo inakata namba yenyewe:

```
=AVERAGE(C4:E4)            sawa
=ROUND(AVERAGE(C4:E4),2)   acha hadi mwisho
=-LOG10(B8)                pH, ikiwa [H+] iko B8
```

Na kwa pH hakikisha ni `LOG10`. Anayetumia `LN` kwenye 1.2 × 10⁻³ atapata 6.73, na siki yenye pH ya karibu 7 ingepaswa kumshtua kabla hajahesabu desimali.

Tarakimu ya mwisho ikiwa 5 kamili, nipandishe au nishushe?

Wastani wa 20.30 na 20.35 ni 20.325. Wengi hupandisha na kuandika 20.33. Wengine hufuata tarakimu shufwa na kuandika 20.32. Fuata mwongozo wa maabara yako, na kama hausemi kitu, chagua mmoja uutumie ripoti nzima. Bureti yako haiwezi kutofautisha 20.32 na 20.33 hata hivyo.